Kabla hujabonyeza Send: kagua nani yupo To, nani yupo Cc, na hiyo Reply all inaenda mpaka wapi

Imeili nyingi zinazoleta aibu ukizisoma huoni kosa lolote kwenye maandishi, mtu kaandika kile kile alichotaka kusema, shida ni nani kakisoma. Na mara nyingi balaa linatokea kwenye kujibu. Imeili mpya unachagua mwenyewe unamtumia nani, ila ukijibu unarithi orodha iliyopangwa na watu wengine, pengine wiki mbili zilizopita, kwa jambo ambalo halikuwa nyeti hata kidogo. Ndo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kujibu, na nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho.

Tuseme we ni kiongozi wa timu. Mhasibu kaandika kwamba kwenye mshahara wa mwezi huu kuna mtu makato yake hayajakaa sawa, anauliza nani anajua habari zake. Kakutumia wewe, kwenye Cc kaweka meneja pamoja na anwani ya grupu la timu nzima. Meneja kajibu "naomba mfuatilie". Afu mtu wa utumishi naye kaingia, kaandika "namuongeza mhusika atusaidie", na kweli mhusika kawekwa Cc. Siku zimepita, majibu yameshafika saba nane, na sasa we unataka kumwambia mhasibu asirudishe hizo hela kwanza kwa sababu huyo mtu ana kesi ya nidhamu inayosikilizwa wiki ijayo. Sentensi mbili tu. Na wanaotakiwa kuzisoma ni watu wawili, mhasibu na yule wa utumishi, basi.

Hatua ya 1: taja wapokeaji kabla hujafungua sehemu ya kuandika

Sema kichwani, au andika pembeni: "wawili, mhasibu na utumishi". Inaonekana kama mchezo ila idadi ndo itakayokuokoa baadaye, maana macho yakipita kwenye majina unayoyajua yote unaona sawa tu, hakuna mgeni, huyu namjua, huyu namjua. Ukiwa umeshasema wawili afu skrini ikaonyesha wanne, hapo hata ukiwa umechoka utashtuka. Swali la "je kuna mtu wa ajabu hapa?" halisaidii kitu, kwenye mfano wetu hakuna hata mmoja wa ajabu, wote ni wa ofisini na wote walikuwa na sababu ya kuwepo mwanzoni.

Hatua ya 2: usijibu, anza imeili mpya

Kama jambo ni nyeti kweli, dawa ni kuacha kabisa kubonyeza Reply wala Reply all na kuanza ujumbe mpya, To ikiwa tupu. Watu wanaliona hili ni usumbufu, lakini angalia linamaliza mangapi kwa mpigo: ile Cc ya zamani haipo, grupu halipo, na yale majibu saba nane yaliyonukuliwa chini hayapo.

Kuna wanaosema wao wanabonyeza Reply ya kawaida tu kwa hiyo wako salama. Sio kila saa. Grupu nyingi za imeili zimesetiwa ili majibu yarudi kwenye grupu lenyewe, kitaalamu ujumbe unabeba anwani ya Reply-To ambayo sio ya aliyeandika, kwa hiyo we unabonyeza Reply ukidhani unamjibu mhasibu peke yake kumbe inaenda kwa timu yote. Kwenye Gmail ya kompyuta ukibonyeza kale kamshale kadogo chini ya jina la mtumaji utaona mstari wa reply-to kama upo, na kama ujumbe umepitia kwenye grupu utaona pia mstari wa mailing list. Angalia hapo kabla hujaiamini Reply. Halafu kuna hili la kujibu ujumbe uliotuma mwenyewe, labda umesahau kitu unataka kuongezea: ukibonyeza Reply hapo kwenye Gmail ujumbe haukurudii wewe, unaenda kwa wale uliowatumia mwanzo.

Pia ingia kwenye setingi uangalie umeachiwa nini. Gmail kwenye See all settings, sehemu ya General, kuna Default reply behavior, hapo unachagua kitufe cha kawaida kiwe Reply au Reply all. Kama kipo Reply all, badilisha leo, afu ushuke chini kabisa ubonyeze Save Changes maana bila hiyo haibadiliki kitu.

Na kama ni lazima ujibu ndani ya mazungumzo yale yale, labda mhasibu anahitaji kuona historia, basi fungua Reply afu kitu cha kwanza kabisa, kabla ya neno lolote, futa anwani zote zilizomo, To na Cc. Andika ujumbe ukiwa hauna mpokeaji. Hata kidole kikiteleza kwenye Send programu itagoma, itakwambia uweke angalau mpokeaji mmoja. Anwani zinaingia mwisho.

Hatua ya 3: soma anwani, sio majina

Hapa ndo wengi wanapita haraka. Simu ina tabia ya kuficha, ukijibu unaona jina moja au mawili juu na mengine yamekunjwa, Cc yenyewe mpaka ubonyeze kamshale ndo inafunguka. Kwa hiyo ujumbe nyeti kwenye simu, funua kwanza, au bora usubiri ukae kwenye kompyuta.

Kila jina, bonyeza au weka mshale juu yake mpaka anwani kamili itokee, afu soma kile kinachokuja baada ya alama ya @. Jina unaloliona kwenye skrini ni maandishi tu, limetoka kwenye kitabu chako cha anwani au limewekwa na mwenye akaunti, halikuthibitishii chochote. Mtu mmoja anaweza kuwa na anwani ya kazini na ya binafsi, na zote mbili zinaonyesha jina lile lile.

Kisha jiulize kwa kila anwani: hii inasomwa na nani? Maana anwani moja sio lazima iwe mtu mmoja. Kuna mambo matatu ya kuangalia hapo.

La kwanza ni grupu. Kwenye Outlook ya kompyuta grupu huwa lina alama ya + pembeni, ukiibonyeza linafunguka na kukutolea jina moja moja, ukishalifungua halirudi kuwa grupu kwenye ujumbe huo ila afadhali hivyo, unaona unaongea na nani. Kwenye mfano wetu ukifungua grupu la timu unamkuta mhusika yumo humo humo. Yaani hata ungemtoa kwenye Cc kwa mkono bado angeipata kupitia grupu. Hili linawapiga hata watu makini, wametoa jina, wameridhika, wametuma.

La pili ni anwani za pamoja, zile za info@ au za kitengo. Nyuma yake wanaweza kukaa watu watano, na aliyekuwepo mwaka jana sio lazima ndo aliyepo sasa.

La tatu ni mabosi. Meneja akikaa kwenye Cc, sanduku lake mara nyingi linafunguliwa na katibu au msaidizi aliyepewa ruhusa, na hakuna alama yoyote kwenye skrini yako itakayokwambia hivyo. Kama hutaki msaidizi asome, mpigie simu bosi.

Kama ofisi yenu inatumia Outlook, usizipuuze zile tahadhari zinazotokea juu ya ujumbe. Zinaweza kukwambia kuna mpokeaji wa nje ya taasisi, au kwamba unatuma kwa kundi kubwa, kikomo cha kawaida ni watu zaidi ya 25 ingawa mtu wa aiti anaweza kukibadilisha. Ila zisipotokea usijione salama, kwenye mfano wetu mhusika ni wa ndani na timu ina watu kumi, hakuna tahadhari itakayolia.

Hatua ya 4: telemka mpaka chini kabisa

Kama umejibu ndani ya mazungumzo, chini ya sentensi zako mbili kuna nukuu ya yote yaliyopita. Gmail inaikunja ndani ya vidoti vitatu, kwa hiyo usipobonyeza huoni, lakini mpokeaji anaipata. Bonyeza, telemka, soma mpaka ujumbe wa kwanza. Hasa kama umemuongeza mtu mpya katikati, maana yeye anapokea historia nzima ambayo walioiandika hawakujua kama kuna siku ataisoma. Futa usichotaka kiende.

Kwenye mafaili kuna tofauti ya kujua. Ukijibu, mafaili yaliyoambatanishwa kwenye ujumbe wa zamani kwa kawaida hayaendi. Uki-Forward, yanaenda yote. Kwa hiyo anayetumia Forward ili "amtumie mhasibu tu" anaweza akawa amebeba na jedwali la mishahara ya timu nzima lililoambatanishwa mwanzoni kabisa. Angalia chini ya ujumbe kuna nini, ondoa kwa kile ki-x.

Jingine ambalo watu hawalijui vizuri: kumtoa mtu kwenye Cc hakudumu. We umemtoa mhusika, umetuma, sawa. Kesho meneja anafungua ujumbe wa zamani, ule ambao mhusika bado yumo, anabonyeza Reply all, na kwenye jibu lake anataja kile ulichokiandika wewe. Hujafanya kosa, ila siri imetoka. Hii ndo sababu nyingine ya kuipenda imeili mpya, tena yenye kichwa kipya, haichanganyikani na ile ya zamani. Na kichwa chenyewe kiwe cha kawaida tu, "Swali kuhusu makato" inatosha, usiandike "Kesi ya nidhamu ya fulani" maana kichwa kinatokea kwenye notifikesheni hata simu ikiwa imefungwa imelala mezani.

Hatua ya 5: sasa weka anwani, pole pole

Ukianza kuandika herufi mbili tatu programu inakumalizia jina. Ni raha, na ni hatari. Orodha hiyo inatokana na watu uliowahi kuwaandikia, ikiwemo yule uliyemuandikia mara moja miaka mitatu iliyopita. Una Juma wa uhasibu na Juma wa kampuni ya mteja, unaandika "Ju", wa juu kabisa anakubaliwa na Enter, na akili yako imeshahamia kwenye kitu kingine.

Hili lilishatokea kwenye ngazi ya juu kabisa. Novemba 2014, kabla ya mkutano wa G20 kule Brisbane, mfanyakazi wa idara ya uhamiaji ya Australia alituma imeili yenye taarifa za viongozi 31 wa dunia, tarehe za kuzaliwa, namba za pasipoti, taarifa za viza, Obama na Putin na Merkel wakiwemo, ikaenda kwa mtu wa kamati ya maandalizi ya mashindano ya mpira ya Kombe la Asia. Chanzo ni hicho hicho, Outlook ilimalizia anwani na aliyetuma hakuangalia. Bahati yao aliyepokea aliifuta, ila habari ilikuja kutoka magazetini mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kwa ujumbe nyeti usipige Enter kwa mazoea. Andika jina mpaka listi itokee, simama, soma anwani, ndo uchague. Kuna anwani inakutokea kila siku na hutaki kabisa kuitumia tena? Kwenye Outlook ya kompyuta ipitie kwa mshale, kuna X pembeni yake, bonyeza itoke. Gmail nayo inahifadhi watu uliowaandikia kwenye Other contacts, na kwenye setingi za General kuna Create contacts for auto-complete, ukichagua I'll add contacts myself itaacha kujiongezea wapya yenyewe.

Ukimaliza, hesabu. Ulisema wawili. Wapo wawili? Cc tupu? Bcc tupu? Bcc ifungue uione kwa macho, maana huwa imejificha.

Kuhusu Bcc

Bcc ina kazi yake halali, kutuma kwa watu wengi ambao hawatakiwi kuonana anwani. Septemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitaka kuwaandikia Waafghanistani walioomba kuhamishwa baada ya Taliban kushika nchi, anwani 245 zikawekwa To badala ya Bcc, kila mtu akaziona za wenzake, na baadhi zilikuwa na picha. Halafu watu wawili wakabonyeza Reply all, mmoja wao akataja na mahali alipo. Fikiria hiyo kwa mtu anayejificha. Wizara ilipigwa faini ya pauni 350,000 Desemba 2023. Kwa kazi ya namna hiyo mimi nisingeiamini hata Bcc, kisanduku kimoja kukosewa kinabadilisha kila kitu, afadhali kutuma ujumbe mmoja mmoja kwa mfumo uliotengenezwa kwa hilo.

Ila kuna wanaotumia Bcc kumfanya bosi asikilize kimya kimya, na hapo ndo mtego ulipo. Aliyewekwa Bcc akibonyeza Reply all jibu lake linaenda kwa aliyetuma pamoja na wote wa To na Cc, na papo hapo kila mtu anajua alikuwa anasoma muda wote. Kama unataka bosi aone, tuma kwanza, afu nenda kwenye Sent umforwadie. Hapo hata akikosea atakujibu wewe peke yako. Na kama we ndo umepokea ujumbe na jina lako halipo To wala Cc wala kwenye grupu, ujue umewekwa Bcc, usiguse Reply all.

Hatua ya 6: weka breki

Watu wengi kosa wanaliona sekunde chache baada ya kutuma. Gmail inakupa Undo Send, chaguo ni sekunde 5, 10, 20 au 30, ipo General pia, weka 30 na usave. Kwenye Outlook ya kompyuta ya zamani unaweza kutengeneza ruli ya kuchelewesha kila unachotuma, mpaka dakika 120, ujumbe unakaa Outbox, ila usiizime Outlook maana ujumbe unaweza kubaki hapo hapo mpaka utakapoifungua tena. Dakika mbili zinatosha kwa siku za kawaida.

Kwa ujumbe ulioandika ukiwa na hasira, tumia Schedule send ya Gmail, upange uende kesho asubuhi. Utaukuta kwenye Scheduled, ukiamka uusome, ukiona haufai unaufuta na hakuna aliyejua.

Ikishaenda

Ile Recall ya Outlook usiitegemee sana. Inafanya kazi ndani ya taasisi yenu tu, imeili iliyoenda nje hairudi, na kuna mazingira ambapo mpokeaji anaona kwamba umejaribu kuirudisha, na hapo ndo anaenda kuitafuta vizuri. Jaribu mara moja kama imeenda ndani na ni dakika chache zimepita, usirudie rudie.

Usijibu juu ya ujumbe ule ule kuomba radhi, maana unainukuu tena na kuipandisha juu kabisa ya sanduku la kila mtu. Waandikie wale wasiohusika tu, ujumbe mpya, mfupi: "Kuna imeili nimekutumia kwa makosa leo saa nne na dakika kumi. Naomba uifute bila kuisambaza, na unijulishe ukishafuta." Usieleze ndani yake kulikuwa na nini.

Kama kulikuwa na taarifa binafsi za mtu, mishahara, afya, nidhamu, mwambie anayehusika na ulinzi wa data hapo ofisini siku hiyo hiyo, usisubiri uone kama kuna atakayelalamika. Sheria zina muda wake, ya Ulaya ya GDPR kwa mfano inataka taasisi iitaarifu mamlaka ndani ya saa 72 tangu ijue, labda kama hakuna uwezekano wa watu kudhurika. Na yule aliyeandikwa, kwenye mfano wetu huyo mwenye kesi ya nidhamu, anatakiwa kusikia kutoka kwako kabla hajasikia kwa wenzake kwenye korido, kwa hiyo mpigie au mfuate alipo, na kabla ya hapo ongea na mtu wa utumishi mkubaliane nini kinaweza kusemwa kabla kesi haijasikilizwa.